“Haturudishi pesa” haijamaliza kitu: kofia moja ya Lamu na jibu lililoandikwa upya

Chati yenyewe ilikuwa fupi hivi.

“Assalam alaykum, kofia imefika lakini haimuingii mzee. Naomba mnirudishie pesa.”

“Wa alaykum salam. HATURUDISHI PESA.”

“Kwa nini jamani? Si niliwapa kipimo mwenyewe?”

“Imeandikwa kwenye picha. Soma kabla ya kununua.”

“Basi nyinyi ni wezi.”

Aliyejibu kwa upande wa duka ni mimi. Najibu meseji za duka la mjomba hapa Langoni, Lamu, tunauza kofia za mkono, leso na vikoi, wateja wengi wako Mombasa na Nairobi, na mzigo ukitoka hapa unavuka kwa boti hadi Mokowe halafu unapanda basi. Siku ile nilikuwa na meseji kama arobaini hazijajibiwa na nikaona hilo jibu ni sawa tu, sera ni sera. Mjomba alipoisoma ile chati jioni hakunigombeza, aliniuliza swali moja tu: “Haimuingii kwa sababu gani?” Nikawa sina jibu, maana sikuuliza.

Na hapo ndipo shida ya haya majibu makavu ilipo. Watu hudhani ni shida ya adabu, kwamba ukiongeza “samahani mpendwa” na kauwa kamoja mambo yatakuwa sawa, lakini hata ukiandika “samahani mpendwa haturudishi pesa” bado hujamwambia mteja kitu. Jibu kavu mara nyingi limeandikwa kabla mwenye duka hajajua mteja analalamikia nini, kwa hiyo kuliandika upya kunaanza na kujua hiyo kesi ni ya aina gani, maneno yanafuata baadaye.

Kwa kazi yetu kesi ni za aina tatu. Kuna mtu aliyebadili mawazo, kofia iko sawa, kipimo kiko sawa, ila ameona nyingine ya bei nafuu au aliyekuwa anunuliwe ameshapata. Kuna mtu aliyeletewa kitu kibovu, uzi umefumuka, leso ina doa la rangi katikati ya mji. Halafu kuna yule aliyeletewa kitu kizima kabisa lakini si kile alichoambiwa, kwa mfano ameagiza leso kwa sababu ya jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, anataka kumpelekea mkwewe, ikaja yenye pindo lile lile na rangi zile zile lakini jina lingine. Sasa mtu wa nje atasema leso ni leso, lakini kwetu pwani nyote mnajua leso inanunuliwa kwa jina, na ukimpelekea mkwe jina la kijembe umeanzisha vita ambavyo hukuvikusudia.

Hizi tatu ukizijibu kwa neno moja “haturudishi” umekosea mbili kati yake, na si kukosea adabu tu, kisheria pia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, ile Sura ya 31, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo basi lazima kilingane na hayo maelezo, na duka la onlaini karibu kila kitu linauza kwa maelezo kwa sababu mteja hajakishika, ameona picha na maneno basi. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 nayo inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na kupewa taarifa anazohitaji. Halafu Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema haki hizo haziondoki kwa sababu tu kuna makubaliano yanayosema vingine. Maana yake ukiandika kwenye picha “mali ikiuzwa hairudi” kwa herufi kubwa kiasi gani, maandishi hayo hayakuondolei jukumu kama ulichotuma ni kibovu au si kile ulichokieleza. Aliyebadili mawazo ndio hadithi nyingine, hapo duka lina nafasi kubwa zaidi ya kuweka masharti yake, mradi mteja ameyaona kabla hajatuma pesa.

Kwa hiyo swali la mjomba, haimuingii kwa sababu gani, ndilo lilikuwa linaamua kila kitu. Kama yule mama alipima vibaya kichwa cha mumewe, kofia ni ile aliyoagiza, na kofia ya kushonewa mtu kwa kipimo chake si rahisi kuiuza kwa mwingine. Kama sisi ndio tuliokosea kipimo, basi tumemuuzia kitu ambacho si kile tulichomwambia.

Nikamwandikia tena asubuhi yake, nikamwomba radhi kwa jibu la jana bila kuzungukazunguka, nikamwomba picha mbili: futi ya fundi ikiwa imezungushwa kichwani kwa mzee, juu kidogo ya masikio pale kofia inapokaa, na futi hiyo hiyo ikiwa imelazwa ndani ya kofia, ikifuata ukuta wake mzunguko mzima. Zikaja. Kichwa inchi 22 kamili. Kofia kwa ndani inchi 21 na nusu.

Mimi nikarudi kwenye daftari la fundi, limeandikwa 22, na fundi anaapa alipima na kweli alipima, sasa nusu inchi imeenda wapi? Nikamwomba anionyeshe anavyopima. Akachukua kofia nyingine, akaikunja bapa juu ya meza, akapima upana wake kutoka pembe hadi pembe akapata 11, akazidisha mara mbili, 22. Kofia ikiwa bapa hivyo futi inapita juu yake, kwa hiyo anachopata ni kipimo cha nje. Na ukuta wa kofia ya mkono una unene, ni kitambaa tabaka mbili na nyuzi zote zile halafu wanga juu yake, ile yetu ilikuwa kama milimita 2. Mduara wa nje unazidi wa ndani kwa unene mara mbili, halafu mara 3.14, yaani 2 × 2 × 3.14, inakuja milimita 12 na nusu hivi. Inchi moja ni milimita 25.4. Hiyo ndiyo nusu inchi yenu iliyopotea. Mama alipima kichwa, kichwa kinakaa ndani, sisi tukapima nje, na sote tukaandika 22 na hakuna aliyedanganya.

Lakini nani anabeba hasara? Sisi. Kwenye chati yetu ya oda tulimwandikia “saizi 22” bila kusema ya nje au ya ndani, na mnunuzi yeyote akisoma saizi ya kofia anaelewa ni saizi ya kichwa kitakachoivaa. Ile sheria ya 2012 nayo iko wazi kwamba maneno ya makubaliano yakiwa na utata yasomwe kwa faida ya mtumiaji. Mimi hata bila sheria naona ni haki, aliyeandika maneno ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuyaandika vizuri.

Hili ndilo jibu lililokwenda, nililiandika mara tatu kabla sijalituma:

“Mamangu, nimeona picha zote mbili, ahsante. Kichwa cha mzee ni inchi 22 na kofia yetu kwa ndani ni 21 na nusu, kwa hiyo kosa ni letu, fundi alipima kwa nje. Una njia mbili, chagua unayoitaka. Ya kwanza, tukushonee nyingine ya 22 kwa ndani, itachukua wiki saba, hulipi chochote na usafirishaji juu yetu. Ya pili, turudishe pesa zako zote 3,850, yaani kofia 3,500 na usafirishaji 350. Kwa njia zote mbili tunaomba uirudishe hii kofia kwa basi, nauli ya kuirudisha tutakutumia leo kabla hujaituma. Ukichagua pesa, tutazituma kwenye namba ile ile uliyolipia siku tutakayoipokea kofia. Niambie kabla ya Ijumaa ili fundi aanze.”

Angalieni hilo jibu halina maneno matamu mengi. Linaanza na kilichoonekana, si na hisia. Linasema kosa ni la nani kwa maneno matatu. Kiasi cha pesa kimetajwa na kimevunjwa kionekane kimetoka wapi, maana ukimwambia mtu “tutakurudishia pesa zako” yeye anafikiria 3,850 na wewe labda unafikiria 3,500, na hapo mnaanza vita vya pili. Nauli ya kurudisha imesemwa nani analipa, hiki ndicho kitu kinachosahaulika kuliko vyote, na kwa sisi wa kisiwani si kitu kidogo, kuna basi na kuna boti. Halafu kuna siku. Na “namba ile ile uliyolipia” nimeiweka makusudi, mtu akija baadaye na namba nyingine akisema hiyo nimeipoteza tuma hapa, unasimama kwanza unampigia simu, kwa sababu pesa zikishaenda kwa mtu mwingine kuzirudisha ni kazi.

Sasa mtu ataniuliza, hayo ni rahisi kwa sababu ulikuwa unasema ndiyo, vipi ukiwa unasema hapana? Ni kweli, hapana ndiyo ngumu. Miezi michache baadaye tulipata moja. Kijana wa Mombasa ameagiza kofia ya kushonewa, kaivaa harusini, picha tumeziona kwenye stetasi yake mwenyewe, siku ya tano anataka pesa zake kwa sababu “haikupendeza nilivyotarajia”. Jibu langu la zamani lingekuwa ukishavaa ni yako, kwaheri. Jibu tulilompa:

“Ndugu yangu, pole kwamba haikukupendeza. Kofia hii hatutaweza kuichukua wala kurudisha pesa, na sababu ni mbili. Ilishonwa kwa kipimo chako na ua ulilochagua wewe, na ulikubali tarehe 4 kabla ya kulipa kwamba ya kushonewa hairudi isipokuwa ina kosa letu, nimekuwekea hapo juu meseji yenyewe. Pili imeshavaliwa, na kofia ikishaingia jasho ni lazima ifuliwe na kutiwa wanga upya, hatuwezi kumuuzia mwingine kama mpya. Kama kuna kasoro yoyote, uzi au kipimo, nitumie picha tutalishughulikia, hilo halina mwisho wa siku tano. Na kama unataka kuiuza, niambie, tutaiweka kwenye stetasi yetu kama iliyovaliwa mara moja, bei utapanga wewe, sisi hatuchukui kitu.”

Hakufurahi. Aliandika “sawa” tu, sawa ile ya mkato. Sidai kwamba jibu zuri linamfurahisha kila mtu, mtu aliyetaka pesa akakosa atabaki amekosa pesa. Lakini hakuuliza tena kwa nini, hakupeleka skrinishoti kwenye magrupu, na tofauti naiona ni hapo, alijua ni kipi hasa kilichomkatalia na nini kingetubadilisha msimamo. Neno “isipokuwa” ndilo linalofanya kazi kubwa kwenye jibu la hapana. Ukisema hapana bila isipokuwa, mteja mwenye haki na asiye na haki wote umewafungia mlango mmoja.

Sababu nayo iwe ya kweli. Hapa watu wengi wanateleza, wanajua kavu ni mbaya basi wanatafuta sababu laini: “mfumo hauturuhusu”, “bosi kasafiri”, “hesabu zimeshafungwa”. Duka la watu watatu lina mfumo gani? Mteja anajua. Na ile mbaya kuliko zote ni “tutaangalia”, kwa sababu inasikika kama upole, mtu anakaa wiki nzima akitumaini, kila siku anatuma “habari za leo, mmefikia wapi”, na wewe ulishaamua siku ya kwanza kwamba hapana. Mimi naona hapana ya leo ina heshima zaidi. Kama kweli hujaamua, sema unasubiri nini na utajibu lini, “nasubiri fundi aione Jumanne, nitakujibu Jumanne jioni”, na Jumanne jioni ujibu hata kama fundi hajaja.

Kuandika sababu kulitufichulia kitu ambacho hatukukitarajia. Tulikaa na mjomba tukaandika masharti yote ya duka, na kila moja tukaliwekea mbele yake “kwa sababu”. Ya kofia ya kushonewa yakapita. Ya kofia za tayari, zisizovaliwa, yakapita. Tukafika kwenye “leso hairudi”. Kwa sababu gani? Kimya. Mjomba akasema ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nikamwambia leso inakuja doti, vipande viwili havijakatwa, mteja akiirudisha kabla hajaikata wala kuipinda wala kuifua, tunaikunja tunairudisha kwenye rafu, hasara yetu iko wapi? Ikishakatwa ndio, haiuziki tena kama mpya, hiyo sababu naielewa na mteja yeyote wa pwani ataielewa bila kufafanuliwa. Kwa hiyo sharti likabadilika: leso ambayo haijakatwa wala kufuliwa inarudi ndani ya siku 3 tangu uipokee, kama umebadili mawazo nauli ni yako, kama tumetuma jina lisilo lako nauli ni yetu, na kama ina doa au kasoro basi haijalishi siku ngapi. Ukiona sharti huwezi kulimalizia “kwa sababu” bila kutunga uongo, usihangaike kulipamba maneno, lenyewe ndilo la kubadilisha.

Kitu cha mwisho ni mahali pa kuyaweka. Yale maandishi yetu ya kwanza yalikuwa kwenye picha, chini kabisa, herufi nyeupe juu ya kitambaa cheupe, na wateja wengi hata hawaijui hiyo picha kwa sababu wameona stetasi tu wakaandika “bei gani”. Sasa masharti yanakwenda ndani ya chati, baada ya kukubaliana bei na kabla sijatoa namba ya kulipia. Kwenye WhatsApp Business kuna sehemu ya majibu ya haraka, unaandika mkwaju na neno fupi linakuja lote, mimi yangu ni `/kabla`:

```
Kabla hujalipa, tuhakikishe:
Kofia ya kushonewa, inchi ___ kwa NDANI, ua ___.
Bei ___ + usafirishaji ___. Itakuwa tayari ___.
Hairudi kwa kubadili mawazo, kwa sababu imeshonwa
kwa kipimo chako. Ikiwa na kosa letu: tunashona
nyingine au tunarudisha pesa zote, nauli juu yetu.
Kuna cha kurekebisha? Kama sawa, jibu NAKUBALI.
```

Najaza nafasi, namsubiri aandike nakubali, ndio natoa namba. Ile “kuna cha kurekebisha” usiiondoe, watu wawili wameshanishika hapo, mmoja alikuwa amepima kichwa kwa futi iliyochakaa ambayo inchi ya kwanza imekatika, akapima tena tukaepuka kofia nzima ya bure. Kuna wanaokereka na hii hatua, wanasema duka lingine natuma pesa tu, na siwezi kusema haijawahi kunipotezea mteja. Lakini meseji ile ndiyo niliyomwekea yule kijana wa harusi, isingekuwepo ningekuwa namwambia “ulikubali” na yeye ananiambia “nilikubali wapi”.

Yule mama wa kwanza alichagua kushonewa nyingine. Fundi sasa anapima kwa kulaza futi ndani, na kwenye daftari anaandika herufi N mbele ya namba. Kofia ya pili ilitoka hapa Jumapili na boti ya asubuhi, Jumanne akatuma picha, mzee kaivaa, kakaa barazani. Ile ya kwanza iliporudi haikuwa imevaliwa, ilikaa rafuni mwezi hivi mpaka akaja kijana mmoja wa Mkomani, tukampima kichwa hapo hapo dukani, inchi 21 na nusu.